Dirisha Ndani ya Jicho la Bibi

Picha yenyewe ni ya ukubwa wa postikadi, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa katika studio mjini Tanga mwishoni mwa miaka ya 1960. Bibi amekaa kwenye kiti, leso imezunguka kichwa, uso kaugeuza kidogo kuelekea upande wa kushoto wa picha. Kwa miaka mingi picha ilikaa kwenye fremu bila chochote cha kuitenga na kioo, na unyevunyevu wa pwani ukafanya kazi yake. Tabaka la jelatini lilinata kwenye kioo, na siku fremu ilipofunguliwa kipande cha uso kilibaki hukohuko. Jicho la upande wa kulia wa picha likaondoka nacho. La kushoto limesalimika. Binti yake, ambaye sasa naye ana wajukuu, anataka picha kubwa ya kutundika ukutani, na anataka mama yake aonekane na macho yote mawili.

Kazi kama hii siku hizi hufanywa kwa programu za akili unde. Fundi anaskani picha, anapaka brashi juu ya sehemu iliyoharibika, anaandika maneno machache ya kueleza kinachotakiwa kuwepo pale, na programu inajaza pengo. Shavu hujazwa vizuri. Leso nayo hujazwa vizuri, hata mikunjo yake. Jicho ndilo linalosumbua. Linatoka safi kupita kiasi, kope ndefu, weupe mweupe pe, duara la rangi liking'aa kama la msichana kwenye tangazo la sabuni, na mwenye picha akiliona anasema neno moja: huyu siye.

Na ana haki. Jicho hilo limekosea mambo mawili, na yote mawili yanaweza kuandikwa kwa maneno kabla programu haijaanza kazi: rangi ya jicho jinsi kamera ilivyoiona, na ile nukta ya nuru inayokaa juu ya jicho. Watu wengi huandika la kwanza kwa neno moja, kisha la pili wakaliachia programu iamue. Mimi naona kwa macho ya watu wetu ingefaa iwe kinyume chake, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na nukta ya nuru. Sehemu ya mbele kabisa ya jicho ni konea, ngozi angavu iliyobinuka nje, na juu yake kuna utando mwembamba wa machozi unaoifanya iwe laini kabisa. Umbo hilo ni kioo kilichobinuka, sawa na mgongo wa kijiko kilichosuguliwa. Konea hurudisha sehemu ndogo tu ya nuru inayoifikia, kama asilimia 2 hivi, lakini dirisha lenye mchana nyuma yake lina nuru nyingi kiasi kwamba hiyo asilimia 2 inatosha kulifanya lionekane jeupe jichoni. Kwa hiyo ile nukta ni taswira ya kitu halisi kilichokuwepo mbele ya mtu wakati picha inapigwa. Taswira hiyo imesimama wima, haikupinduliwa, na imepunguzwa sana. Dirisha linaonekana dirisha, na ukilikuza vya kutosha utaona hata nondo zake. Mwavuli wa studio unaonekana duara lenye mbavu. Taa ya ringi, ile inayotumiwa na wapambaji na watu wa video za simu, inaacha pete kamili kuzunguka mboni. Jua linaacha kitone kidogo kikali.

Ukubwa wake pia haukujiamulia wenyewe. Mbinuko wa konea una nusu kipenyo cha milimita 7.8 hivi, na kioo kilichobinuka hupunguza vitu kwa kadiri ya nusu ya kipimo hicho ikigawanywa kwa umbali. Chukua dirisha lenye upana wa mita 1, mtu akiwa amekaa mita 2 kutoka kwake. Taswira ya dirisha jichoni itakuwa na upana wa karibu milimita 2. Duara la rangi la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 12 hivi, na hapo watu hawatofautiani sana, awe mrefu au mfupi. Kwa hiyo dirisha hilo litachukua takriban sehemu moja ya sita ya upana wa duara. Msogeze mtu hadi mita 4 na itakuwa sehemu moja ya kumi na mbili. Hesabu hii ndogo ni msaada mkubwa, kwa sababu jicho lenye nukta kubwa kuliko inavyowezekana kwenye chumba kile huonekana la mdoli hata kwa mtu ambaye hawezi kusema tatizo ni nini.

Kwenye picha ya bibi, jicho lililosalimika lina alama moja tu ya nuru: kistatili kidogo chenye kingo laini, juu kushoto, pale ambapo kwenye uso wa saa pangeandikwa namba 10. Upana wake ni kama moja ya sita ya duara. Hakuna alama ya pili. Kwa hiyo tunajua kwamba studio ile ilitumia dirisha kubwa upande wa kushoto wa picha, juu kidogo ya usawa wa macho, karibu na kiti. Kivuli cha pua kinaangukia chini kulia, kwa hiyo vitu viwili vinashuhudia jambo moja. Huu ndio ushahidi ambao jicho jipya linapaswa kukubaliana nao.

Sasa rangi. Karibu macho yote ya watu wa kwetu ni ya kahawia iliyokolea, ingawa mitaani tunasema ni meusi. Kwenye duara la rangi kuna melanini, ileile inayotia ngozi rangi, na ikiwa nyingi inameza sehemu kubwa ya nuru inayoingia. Macho ya buluu hayana rangi ya buluu ndani yake. Yana melanini kidogo mbele, na buluu inatokana na jinsi nuru inavyotawanywa na nyuzi za duara lenyewe. Ndiyo maana jicho la buluu au la kijani linaonyesha michirizi na mabadiliko ya rangi hata kwenye picha ya kawaida, na lina uhai wake mkubwa ndani ya duara. Jicho la kahawia iliyokolea halifanyi hivyo. Likipigwa picha chumbani, duara na mboni hukaribia kuwa kitu kimoja cheusi, na kinachobaki kuonekana ni kile kinachoakisiwa juu yake. Kwa kuwa nyuma yake pana giza, kila taswira huonekana wazi zaidi: dirisha, mlango, hata anga, ambayo huweka utando wa buluu juu ya macho ya mtu aliyepigwa picha nje.

Hapo ndipo maneno ya kawaida yanapokosea. Mtu akiandika tu kwamba macho ni ya kahawia, programu mara nyingi hutoa kahawia ya asali, yenye michirizi ya dhahabu, kwa sababu hiyo ndiyo kahawia inayoonekana na kusifiwa kwenye picha nyingi za mtandaoni ambazo programu imejifunza kwazo. Akiongeza maneno ya kusifu, kama kumetameta au kupendeza, hali inazidi kuharibika: duara linaanza kutoa nuru kutoka ndani, jambo ambalo jicho la binadamu halifanyi. Jicho jeusi halihuishwi kwa kuliangaza. Linahuishwa kwa kuliacha liwe jeusi, na kuweka juu yake taswira sahihi ya chumba.

Lakini jeusi si jeusi tupu. Nuru ikiingia kutoka juu kushoto, inapita kwenye konea, inapinda, na kuangukia upande wa pili wa duara. Kwa hiyo kinyume na nukta ya nuru, yaani chini kulia, duara huwa na hilali hafifu iliyo nyepesi kidogo. Hapo ndipo kahawia ya kweli ya mtu huonekana, kama itaonekana. Sehemu ya juu ya duara, ambayo kope la juu huifunika kidogo, huwa nyeusi zaidi kwa kivuli cha kope na nywele zake. Tofauti hiyo kati ya juu na chini ni ndogo, lakini bila hiyo jicho linakuwa kifungo cha shati.

Halafu kuna mambo mawili ambayo programu hupenda kuyafuta, na kwa wazee wetu ndiyo yanayomfanya mtu awe yeye. La kwanza ni weupe wa jicho. Kwa watu wengi wenye ngozi nyeusi weupe huo una mawingu ya kahawia hafifu, hasa karibu na duara, na hilo si ugonjwa. La pili ni pete ya kijivu au ya buluu nyepesi inayozunguka ukingo wa duara kwa watu waliozeeka. Pete hiyo ni mafuta yaliyojikusanya ukingoni mwa konea. Haimo kwenye rangi ya jicho lenyewe. Fundi asiyejua hilo anaitazama picha, anaona buluu, anaandika kwamba bibi ana macho ya buluu, na programu inamtolea macho ya mtu wa Skandinavia kwenye uso wa mama wa Tanga. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja kwenye picha zilizotundikwa sebuleni, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mwenyeji. Njia sahihi ni kuitaja pete kwa mahali pake: ni nyembamba, laini, iko ukingoni, na duara lenyewe ni jeusi.

Kabla ya kuandika lolote, hata hivyo, kuna suala la ukubwa, na hili ndilo linaloharibu kazi nyingi bila mtu kujua. Programu za ukoo wa Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma Agosti 2022, hazichori pikseli moja baada ya nyingine. Kwanza huibana picha mara 8 kwa upana na mara 8 kwa urefu, zikafanya kazi kwenye gridi hiyo ndogo, kisha zikaikunjua. Picha ya pikseli 512 kwa 512 hugeuka kuwa gridi ya vyumba 64 kwa 64. Uso wa bibi kwenye karatasi una urefu wa sentimita 3 hivi, kwa hiyo duara la jicho lake lina kama milimita 1.9. Ukiskani kwa 300 dpi, kama wengi wafanyavyo, duara zima lina pikseli 22, sawa na vyumba visivyofika vitatu, na nukta ya nuru haijazi hata chumba kimoja. Hakuna maelezo, hata yawe mazuri vipi, yatakayoingia humo. Ukiskani kwa 1200 dpi, duara lina pikseli 90 na nukta ina 15. Hapo tayari kuna nafasi ya kufanyia kazi.

Kisha kazi ifanyike kwa karibu. Kwenye kiolesura cha AUTOMATIC1111, ambacho mafundi wengi hutumia, ukiwa sehemu ya Inpaint kuna chaguo linaloitwa Only masked. Ukilichagua, programu hukata eneo ulilopaka brashi, hulikuza hadi ukubwa kamili, hulichora, kisha hulirudisha mahali pake. Jicho linapata vyumba vyote vya gridi badala ya kugawana na kiti na ukuta. Ila programu ikiona jicho peke yake haijui kichwa kimeelekea wapi, kwa hiyo ongeza namba ya Only masked padding, ambayo kwa kawaida huwa 32, hadi pua na jicho la pili vionekane kwenye kipande hicho. Maelezo nayo yaendane na kinachoonekana kwenye kipande. Ukipaka brashi jicho tu huku umeandika kwamba hii ni picha ya bibi aliyekaa kwenye kiti, utapata bibi mdogo mzima, na kiti chake, ndani ya tundu la jicho.

Programu hizi husikia Kiingereza vizuri kuliko lugha nyingine, kwa kuwa maandishi ziliyofunzwa nayo kwa wingi ni ya Kiingereza. Kwa jicho la bibi, maelezo yaliyoandikwa ni haya:

```
close-up of an elderly African woman's eye, very dark iris,
pupil barely visible, thin soft pale ring at edge of iris,
iris slightly lighter at lower right, sclera light grey,
darker under upper lid, one small rectangular window
reflection at upper left, soft black and white photograph
```

Yanasema hivi: jicho la bibi wa Kiafrika kwa karibu, duara jeusi sana, mboni haionekani kwa urahisi, pete nyembamba nyepesi ukingoni, duara limefifia kidogo chini kulia, weupe ni kijivu chepesi, umekolea chini ya kope la juu, kuna taswira moja ndogo ya dirisha, ya mstatili, juu kushoto, picha ni ya nyeusi na nyeupe, laini. Hakuna sifa hata moja hapo. Kila kifungu kinataja kitu na mahali kilipo, na vyote vimesomwa kutoka jicho lililosalimika. Neno kahawia halimo, kwa sababu picha haina rangi. Lingeingia, programu ingeanza kupaka kahawia kwenye picha ya kijivu. Kwa sababu hiyohiyo leso haikutajwa. Ukiandika kwamba leso ni ya buluu, buluu hiyo ina tabia ya kuvuja na kufika jichoni.

Kwenye sanduku la mambo yasiyotakiwa yaliandikwa machache:

```
ring light, sparkle, glowing eyes, extra highlights, makeup
```

Pamoja na hayo yote, maneno yana mpaka. Unaweza kuandika juu kushoto kwa herufi kubwa na programu ikaweka nuru katikati, au ikaweka mbili. Inaelewa umbo na hali ya kitu kuliko inavyoelewa mahali. Kwa hiyo mahali panawekwa kwa mkono. Fundi alinakili jicho zima lililosalimika, akalisogeza hadi kwenye pengo, akalikuza kidogo na kulitanua upande, kwa kuwa kichwa kimegeuka na jicho hilo liko karibu zaidi na kamera. Kope zake zilikuwa za upande mwingine, kwa hiyo alichora upya pembe ya ndani na ya nje ya jicho kwa brashi ya kijivu, bila ufundi mwingi.

Hapo kuna kishawishi kikubwa, nacho ni kugeuza jicho kama kwenye kioo, ili pembe ya ndani ikae upande wa pua. Kope zinakaa sawasawa kabisa, ila nuru nayo imegeuka. Jicho moja lina dirisha penye namba 10, jingine penye namba 2, kama vile kila jicho limekaa chumba chake. Kitu kilicho mita 2 mbali huonekana karibu mahali palepale kwenye macho yote mawili, kwa sababu macho yenyewe yametengana kwa sentimita 6 hivi tu. Ukitaka kugeuza, geuza kope peke yake, na urudishe nuru mahali pake.

Uelekeo wa kutazama una kanuni yake pia. Mtu akizungusha macho pembeni bila kugeuza kichwa, mboni inahama waziwazi, lakini taswira ya taa haihami sana, kwa kuwa inategemea zaidi taa ilipo na kamera ilipo. Vifaa vinavyofuatilia macho kwenye maabara vimejengwa juu ya jambo hilohilo: hupima umbali kati ya mboni na nukta ya nuru, na kutokana nao hujua mtu anaangalia wapi. Kwa mrekebishaji picha maana yake ni kwamba asiibandike nukta kwenye mboni na kuihamisha pamoja nayo. Bibi anaitazama kamera huku kichwa kimegeuka, kwa hiyo nukta kwenye macho yote mawili inakaa umbali uleule kutoka kwenye mboni.

Baada ya kuweka vitu mahali pake kwa brashi, ndipo programu iliitwa kulainisha. Kitelezi cha Denoising strength kwa kawaida huanzia 0.75, na kwa kiwango hicho programu inachora jicho jipya kabisa, la mtu mwingine. Kati ya 0.3 na 0.45 inabakiza umbo na mahali pa nuru, na kutengeneza tu unyuzi wa ngozi, kope na utando wa machozi. Matoleo kadhaa yalitolewa kwa mpangilio huohuo, na mengi yalitupwa kwa kosa moja: nukta ya pili, ndogo, ilijitokeza chini ya duara. Inapendeza, na wapiga picha wa siku hizi huitengeneza makusudi kwa kuweka ubao mweupe chini ya kidevu. Jicho la kushoto halina, kwa hiyo la kulia haliruhusiwi kuwa nayo.

Kulinganisha macho mawili kwa namna hii ni kazi ambayo wachunguzi wa picha bandia wameifanya kwa bidii. Mwaka 2007 Micah Johnson na Hany Farid walionyesha jinsi ya kukadiria mwelekeo wa taa kutokana na nukta za nuru machoni, ili kubaini watu waliounganishwa kwenye picha moja ilhali walipigwa mahali tofauti. Shu Hu, Yuezun Li na Siwei Lyu wakatumia wazo la kulinganisha taswira za konea mbili kubaini nyuso zilizobuniwa na kompyuta. Mwaka 2024, Kevin Pimbblet na Adejumoke Owolabi wa Chuo Kikuu cha Hull walichukua kipimo cha Gini, ambacho wanaastronomia hutumia kueleza jinsi nuru ilivyotawanyika ndani ya galaksi, wakakielekeza kwenye macho ya picha. Wote wanasimamia jambo moja: macho mawili ya mtu mmoja yanatazama chumba kimoja. Njia hizi hukosea pia, kwa mfano taa ikiwa karibu sana na jicho moja au pua ikiikinga upande mmoja, na ndiyo maana tuliangalia kwanza kivuli cha pua ya bibi. Ni kifupi, hakilifikii jicho la pili. Kingelifikia, jicho hilo lingestahili kukaa bila nukta yoyote, na kuiweka ndiyo ingekuwa kosa.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji hesabu za galaksi. Kata macho yote mawili, yaweke bega kwa bega, yakuze mara 4, kisha uyalinganishe: idadi ya nukta, umbo lake, mahali pake, ukali wa kingo zake. Tazama kama mboni ni duara. Programu nyingi hutoa mboni yenye kingo za kuparuzwa. Tazama kama maduara mawili yana ukubwa unaolingana na mgeuko wa kichwa. Kisha rudisha picha kwenye ukubwa wake na uitazame kutoka hatua tatu nyuma, kwa sababu jicho linaweza kushinda mtihani wa karibu na bado likaonekana la kubandika.

Likionekana hivyo, mara nyingi kosa si umbo wala nuru bali ukali. Lensi na karatasi za studio ile zilikuwa na ulaini wake, picha imefifia, na sehemu nyeupe kuliko zote kwenye karatasi sasa ni manjano hafifu. Programu hutoa jicho kali lenye nukta nyeupe tupu, nyeupe kuliko kitu chochote kingine kwenye picha. Lazima lifukizwe ukungu kidogo, liongezwe chembechembe za filamu zinazofanana na za shavuni, na weupe wa nukta ushushwe hadi ulingane na ule wa jicho la kushoto. Programu za kusafisha nyuso kwa kubonyeza kitufe kimoja, kama GFPGAN na CodeFormer, huharibu hasa hapa: hunoa macho yote mawili, hata lile zima, na kuyapa macho ambayo hayakuwahi kuwa ya mtu huyo. Kwenye picha yenye jicho moja zima, jicho hilo lisiguswe kabisa.

Rangi ilikuja mwisho, kwenye tabaka la juu, na hapo hakuna programu inayoweza kujua kitu. Picha nyeusi na nyeupe inahifadhi ni kiasi gani cha nuru kilirudi, haihifadhi rangi yake. Familia ilikuwa na picha ndogo ya rangi ya baadaye, ya kitambulisho, iliyopigwa kwa flashi ya mbele. Kwenye picha hiyo macho ni meusi tititi na kila mboni ina kitone cheupe katikati. Haikufaa kwa rangi ya duara, lakini ilithibitisha ile pete ya ukingoni na mawingu ya kahawia kwenye weupe. Kwa lililobaki binti aliulizwa, na swali halikuwa macho ya mama yalikuwa rangi gani, maana jibu lingekuwa meusi. Aliulizwa yalionekanaje mama akikaa barazani jua la asubuhi likimpiga usoni. Akasema kahawia, kama kahawa isiyo na maziwa, na pembezoni kijivu. Kahawia hiyo ikawekwa kwenye ile hilali ya chini kulia pekee, kwa uzito mdogo, na duara lililobaki likaachwa karibu na weusi. Pete ikapata kijivu chenye buluu kidogo sana. Nukta ya nuru haikupakwa rangi ya jicho. Ilipewa ubaridi kidogo wa mchana, kwa kuwa ni dirisha.

Alipokuja kuichukua, fundi alimkabidhi nakala mbili: moja ya nyeusi na nyeupe na moja ya rangi, pamoja na faili la skani ya awali lenye pengo lake. Nyuma ya kila nakala aliandika kwa penseli kwamba jicho la upande wa kulia limetengenezwa kwa kompyuta kwa kufuata la kushoto, na kwamba rangi imewekwa kwa maelezo ya binti.